Mwaliko unaomruhusu mgeni kukataa

Huku kwetu Lamu kuna mambo mawili ambayo mtu mwenye adabu huona tabu kuyatamka mbele ya aliyemwita: pesa anazotaka, na kwamba hataki kuja. Ukimwandikia mtu aje azungumze, na barua yako ikayanyamazia yote mawili, umemwachia yeye kazi ya kuyasema, na hatayasema. Atakujibu "inshallah, tutaona", au atanyamaza kabisa, nawe ubaki na tarehe uliyokwisha kuwatangazia watu na huna mzungumzaji.

Mimi ni katibu wa kikundi cha mafundi wa majahazi, wakataji wa mikoko na wauza boriti. Kazi ya kualika wageni imeniangukia kwa sababu ndimi mwenye kompyuta. Kabla ya hapo nilikuwa upande wa pili. Nilikuwa nikiitwa huku na huku kueleza nakshi za milango, na mengi ninayoyajua juu ya barua nzuri nimeyapata kwa kupokea barua mbaya. Kuna ofisi moja iliniandikia mistari miwili: nije niwazungumzie "utamaduni wetu", na mambo mengine tutaelewana. Nikajiandaa kwa watu wazima, nikabeba vipande vya mbao na patasi. Kufika, nikakuta watoto wa darasa la nne wamekaa sakafuni. Mwishoni nikapewa soda na cheti. Siku hiyo nilikuwa nimeahirisha kazi ya fremu ya mlango ambayo mwenyewe alikuwa tayari kunilipa. Ningaliambiwa mapema kwamba wasikilizaji ni watoto na malipo hakuna, huenda ningalikwenda vilevile, tena kwa moyo mweupe. Kilichoniuma ni kwamba sikupewa nafasi ya kuamua.

Nitaeleza mwaliko mmoja tu, ule wa Januari 2026, kwa sababu ulikwenda ukarudi na kila sehemu yake ilifanya kazi yake.

Mwanzo wake ulikuwa ubishi wa barazani. Wakataji wanajua kwamba ukikata mchu, mmoja wa miti ya mikoko, kisiki chake huchipua upya, na baada ya miaka unaweza kukirudia. Ukikata mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayosimama kama miguu, kisiki huoza na basi. Vijana wakawa wanabishana: ni namna ya kukata, ni msimu, au ni tabia ya mti? Nikawaambia hilo ni swali la kumwitia mtaalamu. Mwenyekiti akasema vizuri, andika tunataka mtu atuzungumzie mazingira. Hapo nikakataa. Mada kama "mazingira" humfanya mtaalamu atoe hotuba ile ile anayoitoa kila mahali, ya kwamba mikoko ni muhimu na samaki huzaliana humo, mambo ambayo mtu wa Lamu ameyajua tangu akiwa tumboni. Kisiki ni swali ambalo mgeni akilisoma anajua papo hapo kama yeye ndiye au siye. Mada nyembamba hurahisisha kukubali, na hurahisisha kukataa.

Tarehe ilichukua muda kuliko yote. Mtu wa mjini akipanga mkutano hutazama kalenda ya ofisi. Sisi tulitazama maji. Wakataji huingia vijitoni wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa sababu ndipo maji yanapojaa kiasi cha kuitoa mashua iliyosheheni. Ukiita mkutano siku hizo utazungumza na wauza duka. Siku zao za kukaa mjini ni za maji mafu, mwezi ukiwa umekatika nusu. Kwa hiyo nikatafuta Jumamosi iliyoangukia hapo, nikapata tarehe 10 Januari, mwezi ukiwa katika siku ya 20 au 21 ya Rajab. Kaskazi inavuma, mvua hakuna, wageni wa Krismasi wameshaondoka na vyumba vimeshuka bei. Tarehe ya akiba ikawa Jumanne 27 Januari, mwanzo wa Shaaban, maji mafu tena. Zaidi ya hapo tungekuwa tunaukaribia Ramadhani, na Ramadhani hatuiti mkutano wa asubuhi.

Tarehe mbili zinatosha. Nimewahi kupokea barua inayosema "siku yoyote itakayokufaa", na niligundua kuwa ni mzigo ingawa imevaa nguo za hisani. Huwezi kukataa siku yoyote bila kuonekana humtaki mwenyewe, na huwezi kuchagua bila kuuliza maswali kumi.

Halafu saa. Andika "saa 4 asubuhi" kwa mtu anayetumia simu yenye kalenda ya Kiingereza, na kuna hatari akaiingiza saa kumi alfajiri. Mimi huandika zote mbili.

Sasa pesa. Tulikuwa na shilingi 15,000 zilizotengwa kwa mgeni, mbali na safari. Kwenye kikao mmoja alitaka niandike "tutakushughulikia". Mwingine akataka nimuulize mgeni anatoza ngapi. Mzee mmoja, Mungu amzidishie, akasema tuandike kwamba malipo yake atayakuta kwa Mungu. Nikamwambia mzee, hayo ni kweli, lakini si sisi tunaoyatoa, kwa hiyo tusiyatangaze kana kwamba yametoka katika sanduku letu. Na kumuuliza mtu bei yake ilhali una kiasi kimoja tu ni kumtega. Akitaja 40,000 ataona aibu kushuka, nanyi mtaona aibu kusema hamna, na mazungumzo yatafia hapo huku kila mmoja akidhani mwenzake ni mchoyo. Ukiwa na pesa zisizosogea, zitaje kwa tarakimu na useme hazisogei. Ukiwa huna, andika kwamba hakuna ada, kisha utaje unachoweza, kama ni nauli au chumba. Sifuri iliyoandikwa haimvunjii mtu heshima.

Jambo jingine la pesa ambalo watu hulipuuza ni nani anayetangulia kulipa safari. "Tutakurudishia nauli" maana yake mgeni anakukopesha. Wa taasisi kubwa hajali. Mwalimu au mstaafu anajali, na hatakwambia. Sisi tulinunua tiketi wenyewe. Na kama unayemwalika atalipwa kupitia taasisi inayokata kodi, sema ni kiasi gani kabla ya kodi. Ada ya utaalamu kwa mkaazi wa Kenya hukatwa asilimia 5 ikifika kiwango kinachotozwa, hivyo aliyeahidiwa 30,000 hupokea 28,500. Mimi yamenipata hayo, na sikuona dhuluma kwa sababu barua ilikuwa imesema. PIN ya kodi iombe baada ya mtu kukubali. Kuiomba katika barua ya kwanza ni kama umeshamhesabu kwamba anakuja.

Mgeni wetu wa kwanza alikuwa mtafiti wa mikoko anayeishi Mombasa, mama mmoja daktari, ambaye mmoja wetu aliwahi kumsikia akieleza mambo kwa Kiswahili kinyoofu. Barua niliituma Jumatatu 10 Novemba, miezi miwili kamili kabla ya siku. Kichwa chake kiliandikwa hivi: Ombi la kuzungumza Lamu, Jumamosi 10 Januari 2026: visiki vya mikoko. Hata asipoifungua, ameshajua nini, wapi na lini.

> Daktari, salaam.
>
> Mimi ni katibu wa kikundi cha mafundi wa majahazi, wakataji wa mikoko na wauza boriti hapa Lamu. Tunakuomba uje utueleze swali moja: kwa nini kisiki cha mchu huchipua na cha mkoko hufa, na mkataji afanye nini ili mahali alipokata pasibaki wazi.
>
> Watakaokuja ni kama watu 40, wengi wao wakataji wa miaka mingi. Wanaijua miti kwa majina ya hapa, mkandaa, muia, mlilana, na hawahitaji kuambiwa kwamba mikoko ni muhimu. Tunaomba nusu saa ya maelezo kwa Kiswahili, kisha maswali kwa muda wa saa moja. Projekta haitakuwapo, tutaleta visiki vyenyewe ukumbini. Huenda baadhi wakataka kugombania habari za leseni. Mwenyekiti atawazuia, na wewe hutatakiwa kulijibu hilo.
>
> Siku ni Jumamosi 10 Januari 2026, saa 4 asubuhi (10:00), mjini Lamu. Ikiwa haikufai, tuna Jumanne 27 Januari, saa hiyo hiyo.
>
> Tuna shilingi 15,000 kwa ajili yako, na hatuna uwezo wa kuongeza. Tutazituma kwa M-Pesa siku hiyo hiyo kabla hujaondoka. Tiketi ya ndege ya kuja Manda na kurudi, boti, chakula na chumba cha siku mbili tutavilipa sisi moja kwa moja.
>
> Tunaomba jibu lako kufikia Ijumaa 21 Novemba. Ikiwa haiwezekani, neno "sitaweza" latosha, wala hatuhitaji sababu. Siku hiyo ikipita tutaelewa kwamba haikuwezekana na tutamwomba mtu mwingine, bila lawama. Ukimjua anayelijua swali hili tutashukuru kutajiwa, lakini si lazima.
>
> Wasalaam.

Aya ya leseni ilizua ubishi. Mwenyekiti aliona tunamtisha mgeni kabla hajafika. Mimi najua namna vikao vyetu vinavyokwenda: mtu yeyote aliyevaa shati la mikono mirefu huonekana serikali, na ataulizwa kwa nini fulani alinyang'anywa mzigo wake. Mtafiti hatoi leseni wala hazuii. Akishtukizwa na jambo hilo mbele ya watu 40, hatarudi, na atawasimulia wenzake. Heri alijue akiwa kwake, akiwa bado na nafasi ya kusema hapana.

Ile aya ya mwisho ndiyo niliyoipima zaidi. Watu wengi huandika "tafadhali usituangushe" au "tunajua hutatukatalia", wakidhani ni upole. Hayo ni maneno ya kufunga mlango kwa nje. Mbaya zaidi ni zile njia za kando ambazo sisi wa pwani tunazipenda: kumpigia simu mjomba wake aliyeko Mkunguni amshawishi, kumnakilia barua mkubwa wake wa kazi, au kutoa tangazo lenye picha yake kwenye makundi ya WhatsApp kabla hajajibu. Kila moja ya hizo hugeuza ombi kuwa deni, na anayekuja kwa deni huja amechelewa na huondoka mapema. Kijana mmoja wetu alikuwa ameshaanza kutengeneza tangazo. Nikamwambia aweke kila kitu isipokuwa jina.

Tarehe ya mwisho ya kujibu nayo ina faida kwa pande zote mbili. Kwake, kunyamaza kunakuwa jibu halali. Hahitaji kutafuta maneno. Kwangu, nilijua kwamba Jumamosi ya tarehe 22 naweza kumwandikia wa pili na bado nina wiki saba. Ujumbe wa kumkumbusha niliutuma mmoja tu, kwa simu, siku nne baada ya barua: "Daktari, nimekutumia barua pepe Jumatatu kuhusu mazungumzo Lamu. Nakujulisha tu isije ikapotelea kwingine." Sikuuliza ameamuaje.

Jibu lilikuja siku mbili baadaye. Alisema tarehe zote mbili hataweza, anashukuru kuulizwa kwa uwazi, na kwamba kuna mzee mstaafu wa kazi za misitu anayeishi Malindi ambaye amekaa na visiki kuliko yeye. Akampa taarifa mzee huyo na kunitumia anwani yake.

Kikaoni mmoja akasema mwandikie tena, mwambie tunaweza kusogeza mpaka baada ya Idi. Nilikataa katakata. Tumemwambia neno moja latosha, amelitoa, tukianza kumbembeleza tutakuwa tumesema uongo kwa maandishi. Nilimjibu siku ile ile: "Daktari, tumepata jibu lako na tunakushukuru, na kwa jina ulilotupa pia. Tunakutakia kazi njema." Sikuandika kwamba tumesikitika sana, maana masikitiko nayo ni namna ya kumdai.

Barua ya mzee wa Malindi haikuwa nakala ya ile ya kwanza iliyobadilishwa jina. Ilianza na shikamoo. Mstari wa pili ulisema wazi kwamba Daktari ndiye aliyetutajia jina lake, baada ya yeye mwenyewe kutoweza. Wako wanaoona hilo ni kumwambia mtu kwamba yeye ni wa pili. Lakini hawa watu wanajuana, na mzee angeyasikia tu; afadhali ayasikie kwetu. Safari ikabadilika: basi kutoka Malindi kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Kwa mtu wa umri wake tukaandika kwamba atasafiri mchana Ijumaa na kurudi Jumapili, asikimbizwe. Ada iliachwa 15,000 ile ile. Mweka hazina alisema kwa kuwa basi ni rahisi kuliko ndege na mgeni ni mstaafu, tungeweza kupunguza. Nikamuuliza kama nusu saa ya mstaafu ni fupi kuliko ya daktari, akacheka, tukaendelea. Tarehe ya kujibu tuliiweka Ijumaa 5 Desemba, na ile sentensi ya "sitaweza latosha" ikabaki neno kwa neno.

Mzee hakuandika. Alipiga simu, kama wazee wafanyavyo. Aliuliza mambo ambayo hakuna barua ingeyakisia. Kwanza, chumba kiwe cha chini, kwa sababu nyumba za Lamu zina ngazi zilizosimama wima na magoti yake hayazipendi. Pili, pesa zitumwe kwa namba ya binti yake. Tatu, visiki tuvipate vya aina gani? Akataka mchu mmoja uliochipua, mkoko mmoja uliokufa, na mkandaa ikiwezekana, vyote vikiwa na udongo wake, vikatwe urefu wa mkono. Hapo nikajua anakuja kufundisha.

Makubaliano ya simu yana uzito kwetu, lakini yana tabia ya kubadilika umbo kila yanapohadithiwa. Kwa hiyo jioni ile nilimwandikia barua pepe fupi, nikamnakilia binti yake kwa ruhusa ya mzee: siku, saa kwa namna zote mbili, basi, chumba cha chini, shilingi 15,000 kwa namba aliyoitaja, visiki vitatu. Nikaomba anisahihishe nilipokosea. Binti akajibu kwamba tarakimu moja ya namba haiko sawa. Mzee aliitamka akiwa kwenye kelele za soko, na mimi nikaandika nilichosikia.

Wiki moja kabla nilituma ujumbe wa mwisho, na humo hapakuwa na la kumshawishi: jina la kijana atakayempokea Mokowe, alama ya kofia yake, namba ya simu yake, na kwamba boti imelipiwa. Niliongeza ombi moja ambalo lingestahili kuwamo katika barua ya kwanza kwa mgeni yeyote anayerekodiwa: kama tunaweza kunasa sauti yake kwa ajili ya wakataji watakaokuwa safarini, na kama hapendi, hatutanasa. Alikubali sauti, akakataa video.

Siku yenyewe alieleza kwa visiki mkononi. Mchu una macho yaliyolala chini ya gamba, mti ukikatwa yanaamka. Mkoko mkubwa hauna macho hayo kwenye shina lililozeeka, hivyo ukikatwa chini ya majani umeua, hata ukate kwa msumeno mkali na msimu mzuri. Kurudi kwake ni kwa mbegu ndefu zinazoning'inia, ndiyo maana akawataka wabakize miti mama. Leseni ilizuka baada ya dakika 20 za maswali, na mwenyekiti akaizuia kama tulivyoahidi, ingawa alilazimika kusimama.

Pesa mweka hazina alizituma wakati maswali yakiendelea, si mwishoni, ili mtandao ukikwama kuwe na muda wa kujaribu tena kabla watu hawajatawanyika.